Mwalimu Aombaye Kazi na Aisahihishe Barua Yake

Kila ufikapo mwisho wa mwaka, na aghalabu tena katikati ya mwaka shule zifungapo muhula, maduka ya steshenari yaliyo jirani na stendi ya mabasi hapa Tanga hujaa vijana wenye bahasha za kaki mikononi, ambao baada ya kungoja zamu yao humwambia mwenye kompyuta neno moja tu, "Nipigie barua ya kazi," naye, bila ya kuuliza wanafundisha somo gani wala wanaomba shule ipi, hufungua faili iliyokwisha andikwa zamani, akafuta jina la aliyetangulia, akatia jina la aliyesimama mbele yake, akachapa, akapokea fedha yake na kumwita afuatiaye.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya binafsi, kwa hiyo barua hizo huziona zikiwa zimekwisha fika, zimepangwa juu ya meza ya mkuu wa shule, na kila nizisomapo najiuliza imekuwaje walimu wa masomo mbalimbali, waliosoma vyuo mbalimbali na kufundisha mahali mbalimbali, wote wakawa wachapakazi, wote wakawa wanajituma, wote wakawa na uzoefu wa kutosha, na wote wakaweza kufanya kazi pasipo kusimamiwa. Zipo hata zile zinazolitukuza jina la shule nyingine kabisa, kwa kuwa mwenye kompyuta siku ile alikuwa na wateja wengi akasahau kulifuta.

Rai yangu ni kwamba mwalimu apelekaye barua ya namna hii anatenda kosa lilelile ambalo yeye mwenyewe, akiwa na kalamu nyekundu mkononi, humkatia mwanafunzi wake alama bila ya huruma. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiandika kwamba Ngoswe, karani wa sensa katika tamthiliya ya Edwin Semzaba, alikuwa mzembe, kisha akanyamaza, asiseme habari za Mazoea wala za karatasi za sensa zilizoteketea, mwalimu ataandika pambizoni, "Ushahidi uko wapi?" Basi mwalimu huyohuyo aandikapo kwamba yeye ni mchapakazi, kisha akanyamaza, amsomaye aulize nini? Barua ya kuomba kazi ya ualimu ni hoja mbili tatu zenye ushahidi wake, ambazo huchaguliwa kutoka katika orodha ndefu ya mambo mtu aliyoyatenda, na uhodari wote umo katika kuchagua na katika kuthibitisha.

Asiyekuwapo na lake halipo

Najua wako watakaonijibu kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwamba mwenye vyeti vizuri hana haja ya kupoteza siku nzima juu ya ukurasa mmoja wa maneno. Kwa ajira za serikali jibu hilo lina sehemu ya ukweli, maana maombi hupita katika mfumo wa Ajira Portal, ambamo mwombaji hujaza taarifa zake katika nafasi zilizowekwa, na barua yenye sahihi huambatishwa kwa kuwa ndiyo kaida. Lakini shule za binafsi na zile za taasisi za dini, ambazo ndizo zinazowapokea vijana wengi wanaosubiri ajira ya serikali, hazina mfumo wa kuwachuja watu. Zina mkuu wa shule aliyechoka, mwalimu wa taaluma aliyeketi ubavuni pake, na rundo la bahasha.

Katika rundo hilo wasomaji huitafuta kwanza bahasha ya mwalimu wa Fizikia au wa Hisabati, ambaye hata barua yake ikiwa mbaya ataitwa, kwa sababu wa aina yake ni haba. Mwalimu wa Kiswahili na Historia hana bahati hiyo, kwani wenziwe ni wengi mno, shahada zao zinafanana, na vyeti vyao vikiwekwa pamoja havimwambii mtu yeyote ni nani kati yao anayeweza kulishika darasa la watoto 70 saa nane mchana. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo, na katika chumba kile mwombaji hayupo. Kilichopo ni karatasi yake tu.

Wala gharama ya jambo hili si ya mwombaji peke yake. Nyumbani kwao yuko baba aliyeuza shamba la mkonge au ng'ombe ili mtoto amalize chuo, wako wadogo wanaongoja zamu yao ya ada, na kila safari ya steshenari, pamoja na kuchapa, kunakili vyeti na kumlipa wakili anayezigongea nakala hizo muhuri, hutoka katika fedha ya unga. Barua kumi za kunakili zinazokwenda bila kujibiwa zinaigharimu nyumba hiyo zaidi ya barua mbili zilizoandikwa kwa makini.

Vidokezo vya mwalimu mmoja

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ni za mfano vilevile, wa mwalimu wa kike aliyeketi usiku na daftari akaandika kila alilolikumbuka kuhusu kazi yake, kama ifuatavyo:

– Shahada ya Elimu (Sanaa), 2016, Kiswahili na Historia
– 2017 hadi Machi 2020: kujitolea, shule ya kata, kidato cha 1 na 2, darasa 80+
– 2020 nyumbani
– 2021–2024: shule ya bweni ya binafsi, Kiswahili kidato cha 3 na 4
– Mkuu wa idara tangu 2022
– Kusahihisha mock ya wilaya
– Matokeo Kiswahili: 2021, C na zaidi 31/68, 2023, 52/71
– Semina ya mtaala ulioboreshwa 2024
– Mlezi wa klabu ya uandishi, netiboli, kompyuta

Orodha hii ni njema, na ni heri mwalimu yeyote awe nayo hata kama haombi kazi. Ila ukiitazama utaona kwamba mistari yake yote ina uzito mmoja, netiboli ikiwa sawa na matokeo ya mtihani wa taifa, na kwamba hakuna mstari hata mmoja unaosimulia alilolitenda. Mingi hutaja mahali alipokuwa na cheo alichokishika. Wengi hukosea hapa kwa kuiunganisha mistari hii kwa viunganishi, "pia nilikuwa", "vilevile nimewahi", "mbali na hayo", mpaka orodha igeuke kuwa aya ndefu, kisha wakaiita barua, ilhali ni wasifu uleule uliovishwa sentensi, na msomaji aliyekwisha kuuona wasifu haoni sababu ya kuusoma mara ya pili.

Njia iliyo sahihi huanza na tangazo. Tuseme shule moja ya kutwa imetangaza mnamo Agosti 2025 kwamba inahitaji mwalimu wa Kiswahili na Historia, mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu, atakayefundisha kidato cha tatu na cha nne, na awe tayari kusaidia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lile lililokuja na mtaala ulioboreshwa ulioanzia kidato cha kwanza. Mwombaji achukue kalamu apige mstari chini ya kila hitaji, ambayo hapa ni manne, kisha ashuke na orodha yake akiuliza kila kidokezo kinajibu hitaji lipi. Kisichojibu hitaji lolote hakifutwi. Hubaki katika wasifu, ambako ndiko kwao.

Kwa kipimo hicho netiboli na kompyuta huondoka mara moja. Klabu ya uandishi huondoka kwa majonzi kidogo. Usahihishaji wa mock ningesita nao, kwa maana mwalimu aliyesahihisha mitihani ya shule nyingine anajua watahiniwa wanakosea wapi, na mkuu wa shule anapenda kulisikia hilo. Lakini mtaka yote hukosa yote, na barua isizidi ukurasa mmoja. Ukuu wa idara ndio huwasumbua waombaji kuliko vyote, kwa kuwa ndicho cheo kikubwa katika orodha na kila mtu hutamani kukitanguliza. Mimi ningemshauri akiache katika wasifu, kwa sababu shule inatafuta mtu wa kuingia darasani, na mkuu wa idara aliyeko pale huenda akawa ndiye atakayeisoma barua hiyo. Akiona mgeni ametanguliza cheo kilekile alichonacho yeye, atasoma yaliyobaki kwa jicho jingine.

Ufaulu wa nani?

Sasa twende kwenye kidokezo kilicho kizito kuliko vyote, nacho ni matokeo, maana hapo ndipo barua nyingi zinapoharibika. Mwombaji wa kawaida huandika, "Nilipandisha ufaulu wa Kiswahili hadi asilimia 98," akadhani amemaliza. Mkuu wa shule akisoma maneno hayo hutabasamu, kwa kuwa anajua kwamba katika mtihani wa kidato cha nne D ni ufaulu, na D huanzia alama 30, na Kiswahili ni somo ambalo watoto wetu wengi hulipata japo kwa D hiyo. Shule inaweza kuwa na ufaulu wa asilimia 98 huku nusu ya watahiniwa wakiwa hawajafika alama 45, ambapo ndipo C inapoanza. Kwa hiyo mwalimu wa mfano wetu amefanya vyema kuhesabu kuanzia C, na amefanya vyema zaidi kuandika 31 kati ya 68 badala ya asilimia pekee, kwani asilimia huficha ukubwa wa darasa, nao ukubwa wa darasa ni nusu ya habari.

Tena kuna jambo ambalo waombaji huonekana kulisahau. Baraza la Mitihani la Tanzania huyatangaza matokeo kwa kila shule, yakionyesha gredi ya kila mtahiniwa katika kila somo, na chini yake jedwali la kila somo lenye idadi ya waliofanya mtihani, waliofaulu na wastani wake. Aliyekwisha kulijua jina la shule uliyofundisha, ambalo limo katika wasifu wako, anaweza kuhakikisha tarakimu zako kwa simu yake kabla chai haijapoa. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa imekuwa fupi mno. Nimepata kuiona barua ambayo tarakimu zake zilikuwa za kweli tupu, isipokuwa kwamba zilikuwa za mwaka ambao mwombaji, kwa mujibu wa wasifu wake mwenyewe, alikuwa hajafika katika shule ile.

Hata tarakimu za kweli huulizwa maswali, na mwombaji mwenye busara huyajibu kabla hayajaulizwa. Je, darasa hilo ulilipokea lini? Mwalimu aliyelishika darasa kidato cha nne mwezi wa Mei amerithi kazi ya mwingine, ikiwa njema au mbaya, na aliyelishika tangu kidato cha tatu ana haki ya kudai sehemu kubwa zaidi. Je, shule ilikuwa ikiwachuja wanafunzi kidato cha pili na cha tatu ili wabaki wenye akili? Na je, ulifanya nini hasa, maana watoto hawapandi kutoka D kwenda C kwa sababu mwalimu alijituma? Swali hili la mwisho ndilo linalobeba barua nzima, na ndilo ambalo vidokezo havikulijibu. Ilimlazimu mwalimu wetu aiache kalamu, akae na kukumbuka, mpaka akalipata jibu: watahiniwa wake walikuwa wakizijua hadithi za vitabu vya fasihi toka mwanzo hata mwisho, lakini wakiulizwa swali walizisimulia tu, wasizitumie kuthibitisha hoja, naye akaacha kuwapa insha nzima, ambazo hakuweza kuzisahihisha kwa wakati, akawaandikisha aya moja kila Ijumaa, hoja moja na ushahidi mmoja, akazirudisha Jumatatu. Kidokezo cha "52/71" kilikuwa kimekaa juu ya jambo hilo, na kama hangeulizwa asingelisema.

Barua yenyewe

Kichwa cha barua sitakitilia maneno mengi, kwa kuwa kila mwalimu wa Kiswahili amekifundisha: anwani ya mwandishi juu kulia pamoja na tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, na kumbukumbu namba ya tangazo kama ipo. Lugha iwe ile ya tangazo. Shule iliyotangaza kwa Kiingereza iandikiwe kwa Kiingereza, hata kama somo ni Kiswahili. Baada ya hapo barua yake ilisomeka hivi:

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA UALIMU WA KISWAHILI NA HISTORIA

Nimesoma tangazo lenu la Agosti 2025, na ninaomba nafasi ya mwalimu wa Kiswahili na Historia. Nina Shahada ya Elimu katika Sanaa (2016) na nimefundisha kwa miaka saba katika shule mbili. Mkataba wangu wa mwisho uliisha Desemba 2024, hivyo naweza kuanza kazi mara mtakaponihitaji.

Mnahitaji mwalimu wa kidato cha tatu na cha nne. Nimefundisha Kiswahili katika vidato hivyo kwa miaka minne, kwenye shule ya bweni. Nilipofika, watahiniwa walivijua vitabu vya fasihi lakini hawakuweza kuvitumia kuthibitisha hoja. Darasa nililolipokea likiwa tayari kidato cha nne lilifanya mtihani mwaka 2021, na watahiniwa 31 kati ya 68 walipata C au zaidi. Darasa nililolianza kidato cha tatu mwaka 2022 liliandika aya moja kila Ijumaa, yenye hoja moja na ushahidi mmoja kutoka kitabuni, nami nikaisahihisha na kuirudisha Jumatatu. Mwaka 2023, watahiniwa 52 kati ya 71 walipata C au zaidi.

Kabla ya hapo nilijitolea katika shule ya kata, nikifundisha Kiswahili na Historia kidato cha kwanza na cha pili, katika madarasa ya wanafunzi zaidi ya 80, ambamo kitabu kimoja kilisomwa na watano. Niliwapanga watano hao wasome kwa zamu, kila mmoja akiwasimulia wenzake sehemu yake, na kwa njia hiyo nikawatambua mapema wale waliokuwa hawajaweza kusoma kwa ufasaha. Shule zilipofungwa Machi 2020 posho yangu ilikoma, nikakaa nyumbani hadi nilipoajiriwa Januari 2021.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sijapata kulifundisha. Nimehudhuria semina ya mtaala ulioboreshwa mwaka 2024, na nimeandaa azimio la kazi la muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza, ambalo nitalileta mkiniita kwenye usaili.

Nimeambatisha wasifu wenye majina ya wadhamini watatu, pamoja na nakala za vyeti zilizothibitishwa.

Wako mtiifu,

Kisha sahihi, jina kamili na namba ya simu inayopatikana.

Msomaji ataona kwamba maneno "mchapakazi" na "najituma" hayamo, na kwamba hayakuhitajika, kwa kuwa anayesahihisha aya 71 kati ya Ijumaa na Jumatatu hana haja ya kujisifu kwa bidii. Ataona pia kwamba aya ya pili na ya tatu hazina urefu sawa, na kwamba kujitolea, ambako vijana wengi hukuonea haya wakakuficha au wakakutaja kwa nusu sentensi, kumepewa nafasi yake. Kwa nini waone haya? Miaka mitatu katika shule ya kata kwa posho inayochangwa na wazazi ni miaka ya kufundisha watoto haohao, kwa mtaala uleule, na aghalabu katika hali ngumu kuliko ile ya shule inayoajiri; aliyeyaweza madarasa yale hatatishwa na darasa la 40.

Pengo la mwaka 2020 limejibiwa kwa sentensi moja isiyo na malalamiko. Hiki ni kipimo kizuri: pengo lisilotajwa humfanya msomaji alijaze mwenyewe, naye hulijaza kwa mambo mabaya kuliko yaliyotukia, ilhali pengo lililoelezwa kwa aya nzima, na majina ya waliomdhulumu mtu, humfanya aogope kwamba siku moja yeye naye ataandikwa vivyo hivyo. Vilevile barua haisemi lolote baya kuhusu mwajiri wa zamani, ingawa mkataba uliokwisha Desemba bila kuongezwa huwa na hadithi yake. Hadithi hiyo, kama ipo, itaulizwa ana kwa ana.

Lakini sentensi niipendayo kuliko zote ni ile inayosema, "sijapata kulifundisha." Wengi wangeandika kwamba wana uzoefu wa mtaala mpya kwa sababu walikaa siku chache katika semina, na mkuu wa shule, ambaye naye alikuwa katika semina kama hiyo, angejua semina ilikuwa na kina gani. Mwalimu huyu amekiri lisilokuwapo, kisha akaweka mkononi mwa msomaji kitu cha kushikika, azimio la kazi lililokwisha andikwa, ambalo mwalimu wa taaluma anaweza kulifungua na kuona kama wiki zimepangwa sawasawa na kama zana zilizotajwa zinapatikana. Hapo barua imeyaandaa maswali ya usaili kabla usaili haujafika, na maswali hayo yote ni ya mambo anayoyajua. Ataulizwa, "Hizo aya za Ijumaa ulizisahihishaje peke yako?" naye, kama ana akili, atakuwa amebeba daftari mbili tatu za wanafunzi wake zenye wino mwekundu.

Namna hii ya kuandika ina mipaka yake, nami siifichi. Aliyetoka chuoni mwaka huu hana 31 kati ya 68. Ana mafunzo kwa vitendo ya wiki kadhaa na daftari la maandalio ya somo. Huyo aandike aya moja ya kipindi kimoja alichokifundisha, kilichomwendea vibaya mara ya kwanza na namna alivyokibadili kwa mkondo wa pili, na barua yake iishie nusu ya ukurasa. Wala barua bora haimpatii mtu nafasi ambayo imekwisha ahidiwa mpwa wa mwenye shule. Hilo lipo, na sina dawa yake.

Na wenye kutangaza je?

Ningekuwa nimewaonea waombaji kama ningewaacha wakuu wa shule, na bodi zao, nikiwamo mimi. Tazama matangazo yetu yabandikwayo ukutani na kusambazwa kwa simu: "Wanahitajika walimu wa masomo yafuatayo," kisha orodha ya masomo, kisha "uzoefu miaka mitatu", kisha namba ya simu, basi. Hatusemi ni vidato gani, hatusemi ni vipindi vingapi kwa wiki, hatusemi kama mwalimu wa zamu hulala shuleni, hatusemi kama kuna nyumba, na mshahara tunauficha kama siri ya kaya. Mwombaji apige mstari chini ya hitaji lipi? Tunamlazimisha aandike barua ya jumla, kisha tunamcheka kwa kuandika barua ya jumla, nasi tunapoteza siku mbili za mwalimu wa taaluma kuzisoma bahasha za watu ambao wangejua ukweli wasingeomba.

Tangazo lenye sentensi nne zaidi halitugharimu kitu. Na mpaka tutakapojirekebisha, mwombaji aliyekutana na tangazo bubu namshauri apige ile namba iliyopo chini, amwamkie kwa adabu atakayepokea, aulize mambo mawili tu, yaani nafasi ni ya vidato gani na aliyekuwapo ameondoka lini, maana darasa lililokaa bila mwalimu tangu Februari linahitaji barua tofauti na darasa ambalo mwalimu wake amestaafu wiki iliyopita.